Oveni Imekataa Kupata Moto: Fyuzi, Elementi au Thamostati?

Fundi anayejua kazi yake, akiitwa kutazama oveni ya umeme isiyopata moto, huuliza kwanza kuhusu taa. Taa ya ndani inawaka? Ile taa ndogo nyekundu au ya njano iliyo karibu na kishikio cha joto je? Kama hakuna hata moja inayowaka, kuna uwezekano mkubwa kwamba umeme haufiki kwenye jiko, na kazi inaanzia ukutani. Kama taa zinawaka lakini ndani ni baridi, umeme umefika na kuna kitu ndani ya jiko kinachouzuia usiende kwenye elementi, au elementi yenyewe imekatika.

Kabla ya kushika bisibisi, tazama saa, kama oveni yako inayo. Oveni nyingi zenye saa ya kidijitali hukataa kuwaka baada ya umeme kukatika na kurudi, mpaka saa irekebishwe au mashine irudishwe kwenye hali ya kuwasha kwa mkono, ambayo mara nyingi huonyeshwa kwa alama ya mkono au sufuria. Tarakimu zikiwa zinamweka, huenda hakuna kilichoharibika. Watu wameshalipia mafundi kwa kosa hili.

Tuchukue jiko la gesi la pleti nne lenye oveni ya umeme chini, kama yaliyojaa Dar es Salaam na Mombasa. Oveni ina elementi mbili: ya chini wati 1,200 na ya juu wati 1,000. Linachomekwa kwenye soketi ya kawaida kwa plagi ya pini tatu za bapa, na ndani ya plagi hiyo mna fyuzi. Zikiwaka elementi zote mbili kwa volti 230, jiko linavuta takriban ampea 9 na nusu. Kwa hiyo fyuzi inayofaa ni ya ampea 13, ambayo kwa kawaida ina rangi ya kahawia. Ile nyekundu ya ampea 3, inayotosha redio au taa ya mezani, haiwezi kubeba mzigo huu. Oveni itawaka kidogo, kisha kimya.

Fyuzi hizi zimefunikwa, huwezi kuona waya wa ndani kwa jicho. Chomoa plagi, ifungue, toa fyuzi, kisha weka mita kwenye omu na ugusishe ncha zake kwenye vifuniko viwili vya chuma. Nzima itasoma karibu na sifuri. Iliyoungua haitasoma chochote. Ukiwa hapo, tazama plastiki iliyo karibu na pini na skrubu. Ikiwa imegeuka kahawia au imeyeyuka, tatizo ni skrubu iliyolegea au soketi iliyochoka: mguso mbaya huzaa joto, na joto hilo huiua fyuzi bila jiko kuwa na kosa lolote. Plagi ya namna hiyo haifungwi tena, inatupwa. Usizungushie fyuzi karatasi ya sigara wala kipande cha waya, kwa sababu hapo unakuwa umeondoa kitu pekee kilichoilinda waya ya jiko isishike moto.

Tuseme fyuzi imeungua, umeweka mpya ya 13, na nayo imekufa. Hapa ndipo wengi huweka ya tatu, wakati wangepaswa kutazama imekufa *saa ngapi*. Ikiungua mara tu unapowasha swichi ya ukutani, huku vishikio vyote vya oveni vikiwa vimezimwa, shuku waya au plagi kwanza. Ikidumu dakika kadhaa kisha ikaungua, rudi kwenye mguso mbaya au ukubwa wa fyuzi. Ikidumu vizuri na kuungua papo hapo unapozungusha kishikio cha joto, kosa liko mbele ya thamostati, na mshukiwa ni elementi.

Jiko letu limefanya hivyo la mwisho. Chomoa plagi kabisa. Kuzima kishikio hakutoshi, maana katika majiko mengi swichi hukata waya mmoja tu, na elementi inaweza kubaki na umeme. Kama jiko limeunganishwa moja kwa moja ukutani bila plagi, zima swichi kuu ya nyumba, na kama huna hakika umeme umekatika kweli, mwachie fundi. Funga mtungi wa gesi kabla ya kulisogeza. Fungua bati la nyuma, utaona ncha za elementi zikitokeza na nyaya mbili zimechomekwa. Piga picha kwa simu, kisha zichomoe. Usipozichomoa mita itapitia njia nyingine, pamoja na ile elementi ya pili, na kukudanganya.

Elementi ya wati 1,200 inapaswa kusoma omu ngapi? Zidisha volti kwa volti, gawa kwa wati: 230 mara 230 ni 52,900, gawa kwa 1,200, unapata 44. Ya wati 1,000 ni 53. Mita isiposoma kitu, waya wa ndani umekatika, na elementi inaweza kuonekana nzima kabisa kwa nje. Hiyo ndiyo hali ya kawaida ya oveni yenye taa inayowaka bila joto.

Ya jiko letu imesoma 45. Nzuri, mtu angesema, na angeirudisha. Lakini gusisha ncha moja ya mita kwenye bati tupu la jiko na nyingine kwenye ncha ya elementi. Hapo isisome chochote. Hapa imesoma 3 upande mmoja na 42 upande wa pili. Ganda la elementi limetoboka karibu na ncha moja, na waya wa ndani umegusa chuma. Omu 3 kwa volti 230 ni zaidi ya ampea 70 zinazokimbilia kwenye bati na kurudi kupitia waya wa ardhi. Fyuzi haikuwa na kosa.

Sasa fikiria jiko hilohilo katika nyumba ambayo waya wa ardhi haukuunganishwa, au soketi imefungwa nyaya mbili tu. Fyuzi haitaungua. Oveni itaendelea kuwaka, na bati lake lote litakuwa na umeme. Watu husema jiko "linapiga" na kuvaa ndala ili lisiwapige. Jiko linalopiga lichomolewe siku hiyohiyo.

Mita ndogo ya betri ina mpaka wake: inapima kwa volti chache, kwa hiyo uvujaji mdogo unaojitokeza chini ya volti 230 unaweza kuipita. Kama elementi inaonekana safi lakini sakiti breka ya nyumba inaendelea kuanguka, fundi umeme atahitaji mita inayopima kwa volti 500. Pwani kuna jambo jingine: unga mweupe ulio ndani ya elementi hunyonya unyevu, na oveni iliyokaa miezi bila kuwashwa inaweza kuangusha breka ingawa haijatoboka.

Elementi zote mbili zikiwa salama na joto hakuna, ndipo ufikie thamostati. Anza na kishikio chenyewe. Kile cha plastiki hupasuka kwa ndani, kikazunguka huku mhimili wa chuma umesimama. Kivute kitoke na uzungushe mhimili kwa koleo, jiko likiwa limechomolewa. Ukiwa mzima, chomoa nyaya za thamostati na uipime: ikiwa baridi na umeizungusha hadi nyuzi 180, njia ya kuelekea elementi isome karibu na sifuri. Isiposoma, au ikipanda na kushuka ukitikisa mhimili, vigusano vyake vimeungua.

Kirija chembamba cha shaba kinachotoka humo hadi ndani ya oveni mara nyingi husingiziwa. Kina kimiminika kinachotanuka kwa joto na kusukuma vigusano viachane. Kirija kikitoboka, katika thamostati nyingi za kawaida msukumo huo hupotea na vigusano havitengani tena, hivyo oveni haikomi kupata moto na keki inaungua. Mwenye oveni baridi asiuziwe thamostati kwa sababu ya kirija kilichopinda, kabla haijapimwa.

Unapokwenda dukani kwa elementi mpya, beba ile ya zamani. Wati na volti huwa zimegongwa kwenye chuma karibu na ncha, na umbo la mikunjo lazima lilingane na matundu ya skrubu. Klipu za nyaya zikiwa zimelegea au zimeungua, zibadilishwe pamoja nayo. Klipu iliyolegea itachoma ncha ya elementi mpya.