Vigae vya bafuni: Wenye nyumba wapoteza fedha kwenye grauti

Wawekezaji wadogo wanaojenga nyumba za kupangisha katika miji ya pwani, Dar es Salaam, Tanga na Mtwara ikiwamo, hutumia muda mwingi kulinganisha bei na rangi za vigae vya bafuni na jikoni. Grauti, yaani unga unaojaza nafasi kati ya kigae na kigae, huachiwa fundi anunue mwenyewe kwa chenji iliyobaki. Hapo ndipo hasara huanzia.

Kigae cha ukutani, ambacho wengi hukiita marumaru ingawa si jiwe la marumaru, kina uso wa kioo usiopitisha maji wala mafuta. Kuvu haioti juu yake ila pale palipoganda povu la sabuni. Lakini mwili wa kigae hicho, ule upande wa nyuma usiong'aa, hunywa maji kwa zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Kwenye boksi huandikwa alama BIII. Vile vya pozeleni, vyenye alama BIa, hunywa asilimia 0.5 au chini ya hapo. Asiyeona alama anaweza kudondosha maji mgongoni mwa kigae: yakinywewa papo hapo ni BIII, yakibaki juu kama shanga ni pozeleni. Kwa ukuta wa bafu BIII inatosha kabisa, na ni nyepesi na rahisi kukata. Kinachotakiwa ni maji yasifike nyuma yake, na njia kuu ya kufika huko ni kwenye mistari.

Chukua bafu la kawaida la nyumba ya kupangisha, lenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5. Mzunguko wa kuta ni mita 7. Ukitoa mlango wa sentimita 70 hubaki mita 6.3, na vigae vikipanda hadi mita 2.1 eneo lote ni mita za mraba 13.2. Ukiongeza asilimia 10 ya kuvunjika na kukata, zinahitajika mita 14.5, ambazo ni maboksi 10 ya mita 1.5 kila moja.

Kwa vigae vya sentimita 25 kwa 40, bafu hilo dogo litakuwa na mistari yenye urefu wa jumla wa mita 86 hivi. Kwa vigae vya 20 kwa 20 mistari hufikia mita 132. Kwa vile vya 30 kwa 60 hushuka hadi mita 66. Mstari ukiwa na upana wa milimita 3, eneo lake lote halizidi asilimia 3 ya ukuta. Sehemu hiyo ndogo ndiyo inayonywa maji, inayoshika mafuta na inayogeuka nyeusi.

Mafundi wengi hujaza mistari kwa saruji nyeupe iliyokorogwa na maji matupu. Hupendeza siku ya kukabidhi nyumba. Ikikauka husinyaa, hupata nyufa nyembamba kama unywele, na kwa kuwa ina vitundu hunywa maji kila mtu anapooga. Kuvu inahitaji vitu viwili tu, unyevu usiokauka na chakula kidogo, na mabaki ya sabuni na uchafu wa mwili ni chakula tosha. Grauti ya kiwandani pia ni ya saruji, lakini ina mchanga laini na viungo vya plastiki vinavyozuia kusinyaa na kupunguza kunywa maji. Ya tatu ni grauti ya epoksi, isiyo na saruji, inayouzwa katika sehemu mbili za kuchanganywa. Hiyo hainywi maji wala mafuta.

Bafu la mfano wetu litahitaji kilo 3.3 za grauti, tuseme 4. Tuchukulie, kwa hesabu tu, kwamba boksi la vigae ni shilingi 40,000, kilo ya saruji nyeupe 2,000, ya grauti ya kiwandani 5,000 na ya epoksi 25,000. Vigae vitagharimu 400,000. Saruji nyeupe itakuwa 8,000, grauti ya kiwandani 20,000, epoksi 100,000. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili ni nyongeza ya 12,000 tu, na mwenye nyumba anayeikataa anabana mahali pasipofaa. Nyongeza ya 80,000 kwenda epoksi ni jambo jingine. Epoksi huganda haraka, na fundi asiyeizoea huacha utando juu ya vigae usiotoka. Kwa bafu la kupangisha grauti nzuri ya kiwandani inatosha.

Jikoni hesabu hubadilika. Nyuma ya jiko mafuta yanayoruka huingia kwenye grauti ya saruji na kuifanya ya manjano, kisha kahawia, na hakuna sabuni itakayoyatoa. Lakini eneo lenyewe ni dogo: ukanda wa sentimita 60 juu ya meza yenye urefu wa mita 3 ni mita za mraba 1.8, na kwa vigae vilevile grauti yake haifiki nusu kilo. Hapo epoksi inalipa, mradi ipatikane katika pakiti ndogo. Wenye maduka wanaoagiza pakiti kubwa pekee wanajinyima wateja.

Kwenye pembe, pale ukuta unapokutana na ukuta au na sakafu, grauti ya aina yoyote hupasuka kwa sababu pande hizo hazichezi pamoja. Pembe hujazwa silikoni ya bafuni, yenye dawa ya kuvu. Mnunuzi aangalie tarehe kwenye mrija, kwani silikoni iliyopitwa na muda haigandi sawasawa.

Kosa jingine ni kubandika kigae kwa madonge matano ya udongo wa saruji, manne pembeni na moja katikati. Kati ya madonge hubaki matundu, na maji yaliyopenya hukaa humo. Agonge vigae kwa sarafu kabla ya kumlipa fundi. Vinavyolia kama debe tupu vitoke.

Vigae haviponyi ukuta unaovuta maji kutoka ardhini au kwenye bomba linalovuja. Unyevu hupanda tu juu zaidi, na rangi iliyo juu ya vigae huanza kumenyuka na kutoa chumvi. Kupima ni rahisi: kipande cha nailoni hubandikwa ukutani kwa gundi pande zote nne kwa siku moja au mbili. Matone yakionekana upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani. Yakiwa upande wa nje, ni hewa ya chumba, na dawa yake ni dirisha kubwa zaidi au feni ya kutoa hewa.

Rangi ya mafuta juu ya vigae isipakwe kwenye lipu mbichi. Saruji mpya huigeuza kuwa kitu kama sabuni, yenye kunata. Lipu ingoje siku 28.

Wapangaji nao hufuta weusi kwa jiki. Huondoa rangi ya kuvu kwa muda, lakini grauti yenye unyevu itaiotesha tena. Asidi ya kusafishia choo ni mbaya zaidi, kwani hula saruji ya grauti, na ikichanganywa na jiki hutoa gesi ya klorini yenye sumu. Mkataba wa kupangisha ungeweza kuandika sentensi moja kuhusu hilo.