Maziwa ya Kopo na Sababu Isiyoonekana

Mwaka 1987 Cesar Victora na wenzake walichapisha utafiti wa vifo vya watoto wachanga nchini Brazili. Kwa takwimu zilizotumiwa baadaye na wataalamu wengine, watoto waliolishwa maziwa ya kopo tu walikuwa na hatari mara 3.9 ya kufa kwa maambukizi ya njia ya hewa, wakilinganishwa na walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Umri, uzito wa kuzaliwa, elimu ya mama na kipato cha familia vilikuwa vimezingatiwa.

Lakini vipi moshi wa sigara? Huenda mama anayevuta sigara hanyonyeshi sana, na mwanawe anaugua kifua kwa sababu ya moshi, si kwa sababu ya kopo. Haukupimwa.

Mwaka 2017 Tyler VanderWeele na Peng Ding waliugeuza mjadala huo. Badala ya kuuliza kama kuna sababu iliyojificha, waliuliza ingehitaji nguvu kiasi gani ili kuufuta uhusiano wote. Jibu waliliita thamani E:

```
E = RR + √(RR × (RR − 1))
```

RR ni mara ngapi hatari imeongezeka. Ukiweka 3.9, unapata takriban 7.3. Maana yake, sababu hiyo ingepaswa kuhusiana na kopo kwa mara 7.3, na pia kuongeza hatari ya kifo mara 7.3. Upande mmoja ukiwa dhaifu kuliko hapo, mwingine lazima uzidi.

Makadirio, hata hivyo, hayana uhakika kamili. Mpaka wake wa chini ulikuwa 1.8, na thamani E yake ni 3.0 tu. Hiyo ndiyo namba ya kuangaliwa kwa makini, maana sababu ya nguvu ya mara 3 pande zote mbili ingetosha kuuacha ushahidi ukiyumba.

Sasa turudi kwenye sigara. Tuseme, kwa kukadiria, uvutaji una uhusiano wa mara 2 na kopo na unaongeza hatari ya kifo mara 3. Zidisha 2 kwa 3, upate 6. Jumlisha 2 na 3, toa 1, upate 4. Sita kwa nne ni 1.5, na huo ndio upotoshaji mkubwa kabisa ambao moshi ungeweza kuleta. Gawanya 3.9 kwa 1.5, inabaki 2.6, mpaka wa chini unabaki 1.2. Sigara ya nguvu hiyo haitoshi kuufuta uhusiano.

Thamani E peke yake haitoi hukumu. Namba 3 ni kubwa au ndogo kutegemea visababishi vinavyojulikana vya ugonjwa husika. Na kuna kosa ambalo haliligusi kabisa: mtoto aliyekwisha kuugua huacha kunyonya, akapewa kopo, kisha akafa. Hapo ugonjwa ndio uliotangulia kopo, na dawa yake ni kuuliza mtoto alikuwa akilishwa nini kabla ya siku aliyoanza kuumwa.