Kinara na Anayeburuza Mkia: Kusoma Nguvu ya Hisa Mbele ya Soko Lake

Siku ya mwisho ya biashara mwaka 2021, fahirisi ya S&P 500, inayopima kampuni kubwa za Marekani, ilifunga kwenye 4,766. Miaka miwili baadaye, mwisho wa 2023, ilifunga kwenye 4,769. Aliyelala usingizi miaka yote hiyo akaamka kuangalia namba hizo angeapa kwamba hakuna kilichotokea. Kumbe katikati soko lilianguka takriban asilimia 25 kisha likapanda tena, na ndani yake kampuni zilikuwa zinapishana kama timu kwenye msimamo wa ligi. Ili kuuona msimamo huo unahitaji mstari mmoja tu, na hesabu yake ni ya kugawanya.

Chukua bei ya hisa, igawe kwa fahirisi ya soko ya siku ileile, kisha zidisha kwa 1,000 ili usihangaike na desimali ndefu. Kwenye jedwali la kompyuta, kama bei iko safu ya B na fahirisi safu ya C, utaandika hivi:

```
=B2/C2*1000
```

Rudia kwa kila wiki, ukitumia bei ya kufunga ya Ijumaa, kisha chora. Huo ndio mstari wa nguvu linganishi. Ukipanda, hisa inaishinda fahirisi, hata kama zote mbili zinashuka. Ukishuka, hisa inaachwa nyuma, hata kama bei yake inapanda na mwenye nayo anachekelea.

Tuupime kwa kampuni ambayo kila mwenye simu anaijua: Meta, wenye Facebook na WhatsApp. Mwanzoni mwa Septemba 2021 hisa yake ilifika takriban dola 382, fahirisi ikiwa kama 4,520. Gawanya, zidisha, unapata zaidi ya 84. Mwisho wa Desemba hisa ilikuwa dola 336 na fahirisi 4,766, hivyo mstari ulikuwa umeteremka hadi 70.6. Hapa pana jambo la kutazamwa kwa utulivu. Kushuka kwa bei kutoka 382 hadi 336 ni asilimia 12, na kwa hisa ya aina hiyo wengi wangesema inapumua tu. Lakini katika miezi hiyo hiyo soko lilikuwa linaweka rekodi mpya. Hisa inayoteleza wakati wenzake wanapanda haipumui, fedha inaihama. Tarehe 3 Februari 2022, baada ya kampuni kutoa ripoti iliyowavunja moyo wawekezaji, hisa ilipoteza zaidi ya robo ya thamani yake kwa siku moja. Mwaka ulipoisha ilikuwa dola 120 na mstari umefika 31.3.

Sasa itazame Exxon Mobil, kampuni ya mafuta, ambayo kwa miaka kadhaa kabla ya hapo ilikuwa inaburuza mkia. Mwisho wa 2021 iliuzwa dola 61, na mstari wake ulikuwa 12.8. Januari 2022 soko lilianza vibaya, fahirisi ikashuka zaidi ya asilimia 5. Exxon ikapanda hadi takriban dola 76, na mstari ukaruka hadi 16.8. Vita vya Ukraine vilikuwa bado havijaanza. Aliyeuona mstari ule mwisho wa Januari na kununua alikuwa amechelewa kwa dola 15, lakini mwisho wa mwaka hisa ilifunga dola 110 na mstari ukawa 28.7, huku fahirisi ikiwa imeanguka hadi 3,839.

Ndiyo maana naamini wiki mbaya za soko zinafundisha kuliko wiki nzuri. Soko likipanda, karibu kila hisa inapanda nalo na huwezi kujua nani anakimbia na nani amebebwa. Soko likishuka, wanaokataa kushuka wanajitokeza wenyewe. William O'Neil, Mmarekani aliyeanzisha gazeti la Investor's Business Daily mwaka 1984, aliifanya tofauti ya kinara na anayeburuza mkia kuwa mojawapo ya herufi saba za njia yake ya kuchagua hisa. Hakufundisha kununua hisa iliyo rahisi kwa sababu imeshuka. Alifundisha kuiuliza kwa nini imeachwa nyuma.

Ila kinara hadumu milele, na mstari huo huo ndio unaotoa taarifa. Mwaka 2023 Exxon ilitoka dola 110 hadi 100. Kwa macho ya bei ni kushuka kwa asilimia 9, jambo la kuvumilika, hasa kwa aliyekuwa bado na faida. Lakini fahirisi ilipanda asilimia 24 mwaka huo, kwa hiyo mstari ulitoka 28.7 hadi 21, yaani zaidi ya robo ya nguvu yake iliondoka. Meta, iliyokuwa imeanguka chini ya dola 90 mwanzoni mwa Novemba 2022, mstari ukiwa karibu na 24, ilishafika 31.3 mwisho wa mwaka huo. Mwisho wa 2023 ilikuwa 74.2. Aliyekariri majina ya vinara wa 2022 na kuacha kuchora aliingia 2023 akiwa upande usio wake.

Kosa moja huwakwaza wengi wanaoanza. Meta ilikuwa na 70 na Exxon 12, lakini hilo halimaanishi Meta ilikuwa na nguvu zaidi. Ukubwa wa namba unatokana na bei ya hisa moja tu. Unachosoma ni mwelekeo: mstari unapanda au unashuka ukilinganishwa na ulikotoka wenyewe. Usiuchanganye pia na kipimo kiitwacho RSI kwenye programu za simu. Hicho hulinganisha hisa na mienendo yake yenyewe, soko halimo.

Kwetu ugumu uko kwenye kuchagua fahirisi. Huko Nairobi, Safaricom ni kubwa kiasi kwamba kuna nyakati ilibeba zaidi ya nusu ya thamani ya soko zima. Ukiigawa kwa fahirisi ya hisa zote, NASI, unamlinganisha mtu na kivuli chake; mstari utatulia hata kama kampuni inayumba. Ilinganishe na NSE 20, ambamo uzito wake haulemei wenzake. Dar es Salaam, fahirisi ya hisa zote inajumuisha pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa huko, kwa hiyo CRDB au NMB inapimwa vizuri zaidi kwa TSI, yenye kampuni za ndani pekee.

Halafu kuna hisa zinazokaa siku nyingi bila kuuzwa hata moja. Bei yake inabaki palepale, soko linashuka, na mstari unapanda kana kwamba amezaliwa kinara mpya, kumbe hakuna aliyenunua. Gawio nalo hudanganya kwa upande wa pili: siku ambayo mnunuzi mpya hana tena haki ya gawio, bei huteremka na mstari unachovya, ingawa fedha imeingia mfukoni mwa mwenye hisa. Kwa hiyo kwenye jedwali lako ongeza safu ya D kwa idadi ya hisa zilizouzwa wiki hiyo, na ya E kwa tarehe za gawio. Mstari ukipanda wakati safu ya D imejaa sifuri, usiuhesabu.