Jina Litajwe Ukiwatazama Watu

Kwenye mahafali, kazi ya kumtambulisha mgeni rasmi huharibika mwishoni kabisa. Mwalimu amesoma wasifu vizuri, lakini akifika kwenye jina anageukia meza kuu, kwa heshima zote. Mdomo unaiacha maiki. Waliokaa nyuma wanasikia "sasa naomba nimkaribishe Daktari…", kisha mvumo tu, na mkeka mzima unaulizana ni daktari gani.

Maiki nyingi za mimbari hunasa vizuri sauti inayotoka mbele yake. Ya pembeni hufifia. Kwa hiyo simama umbali wa kama shubiri moja, taja cheo na jina lote ukiwatazama watu, nyamaza, ndipo umgeukie mgeni. Makofi uyaanzishe wewe. Jina hilo usilisome kwenye karatasi, maana anayeinama kusoma naye huiacha maiki.

Wengi tumelelewa kutomkazia macho mkubwa, na hapa adabu hiyo haina ubaya: mgeni anatosheka na kuinamiwa kichwa kidogo. Wanaohitaji macho yako ni waliokaa ukumbini. Mpe mtu mmoja wa nyuma kushoto sentensi nzima, inayofuata mpe wa katikati, nyingine wa kulia. Kupepesa macho ukumbi mzima kwa mkupuo hakumfikii yeyote.

Ukishamwita, usikimbilie kiti. Klabu za Toastmasters, zilizoanzia California mwaka 1924, zina desturi ya kutoiacha mimbari tupu, na sababu yake ni ya wazi: mgeni akikuta hakuna mtu, hajui asimame wapi, na watu hawajui wamtazame nani. Msubiri, mpe mkono wa kulia, rudi hatua moja nyuma, kisha ondokea upande ambao hakuja nao. Akipanda kutoka kushoto, wewe shukia kulia. La sivyo mtapigana vikumbo mbele ya kamera.

Ukiwa kitini mambo ni mengine. Katika kikao cha harusi cha watu wachache wanaoonana usoni, kubaki umekaa si kosa. Sogea mbele ya kiti, mikono iwe juu ya meza, na ugeuze mabega, si shingo peke yake. Viti vikiwa vimepangwa safu, simama. Aliye safu ya mbele ndiye mwenye shida, kwa kuwa wote anawapa mgongo. Atoke kando ya kiti chake, ageuke nusu, aanze na walio nyuma.

Na kama unayemtambulisha amekaa ubavuni mwako? Mwonyeshe kwa kiganja kilicho wazi, kamwe si kwa kidole. Akiwa kushoto kwako, pitisha mkono wa kulia mbele ya kifua, kwa kuwa mkono wa kushoto bado unawaudhi wazee wengi. Umrudishe mara moja. Ukiuacha hewani wakati unataja vyeo vyake vyote, atakaa anautazama mkono badala ya kuwatazama watu.