Barua Kuhusu Kiitikio Kisichokamilika

Mwaka 1968 Paul McCartney alimwimbia John Lennon wimbo mpya, "Hey Jude", akaahidi kuuondoa mstari mmoja alioona ni wa kujazia nafasi tu. Lennon alimkataza: huo ndio mzuri kuliko yote. Barua njema kwa mtunzi mwenza huanzia hapo, kwa kutaja kisichopaswa kuguswa.

Tuchukue kiitikio hiki ambacho bado kinatafuta umbo:

Rudi nyumbani mpenzi,
Mlango haujafungwa,
Nimekungojea kwa muda mrefu sana.

Mwandishi wa barua ataanza na mstari wa pili: "Ndugu yangu, mlango huu usiuguse. Msikilizaji anauona." Kisha ataonyesha tatizo. Mistari miwili ya kwanza ina mizani nane kila mmoja. Wa tatu una kumi na nne, kwa hiyo mwimbaji analazimika kukimbia mahali ambapo anapaswa kutua. Atapendekeza "Nakungoja kila siku", mizani nane kamili.

Dosari ya pili imo kwenye sauti. Mkazo wa "nyumbani" uko kwenye silabi ya "mba", lakini sauti inapanda na kurefuka kwenye "nyu". Ukilisema neno kwa kawaida, kisha ukaliimba, tofauti inasikika mara moja. Hapo maneno yanaweza kubaki. Kinachosogezwa ni noti.

Kuandika tu "kiitikio hakijanigusa" kungemuumiza mwenzake bila kumwonyesha pa kurekebisha. Barua inamwachia uamuzi: "Jaribu zote mbili na gitaa, kisha uchague."