Wastani wa Faida Unapodanganya

Tuseme umeweka shilingi 1,000,000 kwenye hisa. Mwaka wa kwanza zinapanda kwa asilimia 50, wa pili zinashuka kwa asilimia 40. Jumlisha, gawanya kwa mbili: wastani ni faida ya asilimia 5 kwa mwaka. Sasa hesabu fedha zenyewe. Milioni moja ilifika 1,500,000, kisha ikaporomoka hadi 900,000. Umepata hasara ya laki moja!

Kosa liko kwenye kujumlisha. Faida ya mwaka huu hujengwa juu ya kilichobaki mwaka jana, kwa hiyo miaka huzidishana: 1.5 mara 0.6 ni 0.9. Kipeuo cha pili cha 0.9 ni kama 0.949, yaani hasara ya asilimia 5.1 kila mwaka. Huo ndio wastani wa kijiometri, na ndio unaolingana na salio lako.

Pengo hilo hukua haraka kuliko mtikisiko wenyewe. Kwa makadirio, ni nusu ya kipeo cha pili cha mtikisiko. Hapa kila mwaka uko mbali na wastani kwa asilimia 45, 0.45 mara 0.45, nusu yake ni karibu asilimia 10. Lakini hisa iliyopanda 15 na kushuka 5, yenye wastani uleule wa 5, hupoteza nusu asilimia tu.

Kwa hiyo mfuko ukikutangazia wastani, uliza: milioni iliyowekwa siku ya kwanza leo ni shilingi ngapi?