Ratiba Isiyopotea kwenye Fotokopi

Mwalimu wa taaluma akimaliza kupanga vipindi kwenye Excel, mara nyingi hupaka rangi ili kila mtu ajue kipindi kinafanyika wapi. Tuseme Kemia ya Jumatatu imo kwenye kisanduku chekundu: wanafunzi waende maabara. Ya Jumatano ni ya bluu: maktaba. Kijani ni uwanjani, njano ni chumba cha kompyuta, nyeupe ni darasani. Ratiba hiyo ikitolewa fotokopi, Kemia zote mbili huonekana ziko mahali pamoja.

Sababu ni kwamba karatasi nyeusi na nyeupe hupokea mwangaza wa rangi tu. Kwa kanuni inayotumika sana kugeuza rangi kuwa kijivu, nyekundu ya kawaida ya Excel huwa 76 na bluu yake huwa 88, katika kipimo kinachoanzia 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe). Jicho haliwezi kuzitenganisha, tena maandishi meusi juu yake husomeka kwa shida. Na mwanafunzi asiyetofautisha nyekundu na kijani alikuwa amekwisha kupotea hata kwenye skrini.

Dawa ni kuandika mahali ndani ya kisanduku, chini ya jina la somo. Herufi moja haitoshi, kwa sababu maabara na maktaba zote huanza na M. Chagua alama zinazotofautiana tangu herufi ya kwanza: LAB, MAKT, UWJ, KOMP. Kwa darasani andika DRS, usiache wazi; pasipo alama msomaji hajui kama ni darasani au mwandishi alisahau.

Fanya kazi kwenye nakala ya faili. Bonyeza `Ctrl+H`, kisha `Options`. Kwenye `Find what` andika Kemia, na kwa `Choose Format From Cell` gusa kisanduku chekundu. Kwenye `Replace with` andika Kemia, bonyeza `Ctrl+J` ili kushuka mstari, halafu LAB. Weka alama kwenye `Match entire cell contents`, la sivyo ukirudia zoezi utapata LAB mbili. Rudia kwa kila somo na kila rangi.

Hapa ndipo wengi hukwama: Excel hutafuta rangi ileile hasa. Kama mwenzako alipaka nyekundu iliyokoza kidogo zaidi, visanduku vyake vitarukwa kimyakimya. Ili kuvibaini, fungua `Page Setup`, ukurasa wa `Sheet`, chagua `Black and white`, kisha tazama ratiba kabla ya kuchapa. Rangi zote zitaondoka, na kisanduku kisicho na alama kitajionyesha.

Mwalimu, kabla ya kuibandika ubaoni, mpe karatasi hiyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza umuulize Kemia ya Jumatano iko wapi. Akisita, rekebisha alama kwanza.